Krediti Noti ya Maboksi Kumi na Saba

Dereva wa lori ana namna yake ya kutangaza msiba. Hasemi pole. Anashuka taratibu, anazunguka gari mara moja, anapiga tairi teke ambalo tairi halikuliomba, kisha anasema, "Mama, matuta ya safari hii siyo ya serikali, ni ya shetani." Chausiku aliposikia hivyo, akiwa amesimama mbele ya duka lake la vifaa vya ujenzi pale Ushirombo, wilaya ya Bukombe, alijua tailizi zake za sakafu hazikufika salama.

Mzigo ulikuwa maboksi mia mbili, kutoka kwa msambazaji wake wa Kahama, kampuni iitwayo Sakafu Njema. Sasa, wenye maduka wengi wa kwetu wana desturi moja ya ajabu. Dereva akileta ile karatasi ya kupokelea mzigo, delivari, wanaigonga muhuri kwanza, wanasaini, wanamnunulia soda, ndipo wanafungua turubai waone wamepokea nini. Ukiwauliza, watakwambia dereva ana haraka. Kana kwamba haraka ya dereva ndiyo itakayowalipia hasara.

Chausiku hakuwa wa hivyo. Alipanda juu ya lori mwenyewe, kanga kaifunga kibwebwe, akatikisa boksi moja moja sikioni kama anayechagua nazi. Ishirini na mawili yalilia. Akaandika kwenye delivari: "Maboksi 22 yana tailizi zilizovunjika." Akamwambia dereva asaini chini ya maneno hayo.

"Mama Amira, unanionea."

"Nakuonea wapi? Shika kalamu."

Dereva akasaini. Chausiku akamwomba avirudishe vipande Kahama, dereva akacheka. "Niende na takataka hadi Kahama? Vipande utajua mwenyewe, mama."

Jioni ile alifungua maboksi yote ishirini na mawili, akakaa chini na kuchambua. Kila boksi lina tailizi kumi na mbili. Nzima alipata sitini, akazipanga upya zikatimiza maboksi matano, akayafunga kwa gundi ya karatasi. Zilizovunjika zilikuwa mia mbili na nne, yaani sawasawa na maboksi kumi na saba. Mtu mwingine angenyamaza na yale matano, adai ishirini na mawili, aite riziki. Chausiku hakuweza. Mama yake alikuwa muuza dagaa pale sokoni kwa miaka thelathini na hakupata kusemwa kwa kipimo chake hata siku moja, na jina hilo ndilo urithi pekee aliouacha.

Lakini invoisi ilikuwa imechapwa Kahama kabla lori halijang'oa nanga, na ilisema mia mbili. Invoisi haijui matuta. Shilingi 35,400 kila boksi, VAT ndani yake, jumla milioni saba na elfu themanini. Chausiku alilipa benki maboksi mia na themanini na matatu, yale yaliyofika yakiwa ya kuuzika, akapiga simu kwa mhasibu wa Sakafu Njema, dada mmoja aitwaye Dorah.

"Nimekuelewa, mama," Dorah alisema. "Ila kwenye kompyuta unaonekana unadaiwa laki sita, elfu moja na mia nane. Mpaka ipatikane krediti noti ya kuliondoa hilo deni, gari lako lingine halipakii."

"Basi niandikie hiyo krediti noti."

"Siandiki kwa simu, mama. Tuandikie barua. Ofisi haisikii simu, inasoma barua."

Hapo ndipo palipouma. Gari hilo lingine lilikuwa la kuleta mzigo wa Mageni.

Mageni ni mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo. Miaka saba alichimba akitoka na vumbi tu, hata watoto wa mtaani kwao wakawa wanamtania, kisha mwezi wa nne duara lake, lile shimo la kuchimbia, likatema. Alichofanya kwanza siyo kununua gari wala kuoa mke wa pili. Alikuja kwa Chausiku akaagiza tailizi za nyumba ya mama yake, Mbuke, bibi ambaye hajapata kukanyaga sakafu isiyo ya udongo. Alitoa malipo ya awali, milioni moja na nusu taslimu, na sharti moja: ziwe zimefika ifikapo Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwa sababu Jumapili wakwe wanakuja. Zisipofika anarudishiwa fedha yake anakwenda kununua Katoro.

Na fedha yenyewe haikuwepo tena. Ilikwisha kuwa ada ya Amira, binti yake, chuo cha uuguzi, muhula mzima, risiti iko kwenye droo. Kumrudishia Mageni maana yake ni kumrudisha Amira nyumbani. Chausiku alilijua hilo kila alipofungua droo ile kutafuta chenji.

Kwa hiyo aliandika barua. Aliiandika kwenye karatasi ya daftari, kwa mkono wake wa darasa la saba, herufi zikiegemeana:

"Kwa Sakafu Njema, Kahama. Invoisi namba 0417 ya tarehe 3 Juni, maboksi 200. Maboksi 22 yamefika na tailizi zilizovunjika, dereva amesaini delivari. Nimechambua, nzima nimepata maboksi 5. Zilizovunjika ni sawa na maboksi 17. Nimelipa 183. Naomba krediti noti ya maboksi 17, Sh. 601,800 pamoja na VAT. Naambatisha nakala ya delivari, ya risiti ya benki, na picha. Wenu, Chausiku Ibrahimu."

Akaisoma mara mbili, akaiona fupi. Akaiona ina aibu, kama mtu aliyekwenda ukweni na kandambili. Akakunja, akaichukua hadi kwa Mwalimu Raphael.

Mwalimu Raphael ni mstaafu. Amefundisha nusu ya mji ule kusoma, na tangu astaafu anauandikia mji mzima barua: za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kuomba kiwanja, za kuvunja uchumba. Elfu tano kwa ukurasa. Hajapata kuandika barua ya ukurasa mmoja. Alimfundisha Chausiku darasa la tatu, na hadi leo Chausiku akimwamkia anajikuta ameficha mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Hii ni nini?" Aliisoma barua ile kwa kuishika kwa vidole viwili. "Chausiku. Hii ni orodha ya kwenda sokoni. Salamu ziko wapi? Kichwa cha habari kiko wapi? Watu wa Kahama watasema Bukombe hakuna shule."

"Nisaidie basi, mwalimu. Ni maboksi kumi na saba."

"Hilo niachie."

Ilipofika bei, Mwalimu aliulizia lile rundo la vipande aliloliona nyuma ya duka. Hapa niwaambie jambo ambalo ofisi zote za tailizi hazilijui. Kwao Kahama, tailizi ikivunjika imekufa. Kwetu ndiyo kwanza inaanza kuishi. Vipande vinauzwa kwa debe, shilingi elfu mbili na mia tano, fundi anavipanga kwenye baraza na simenti, kubwa kwa ndogo, na baraza linang'aa kuliko la waziri. Mwalimu alikuwa ameutamani urembo huo tangu ajenge. Kurasa nne ni elfu ishirini. Wakakubaliana madebe sita, elfu kumi na tano, na elfu tano ibaki.

Chausiku alisita kidogo. Aliona ingefaa vipande vile vingoje jibu la Kahama kwanza. Lakini dereva si alisema utajua mwenyewe? Na debe likishatoka moja, mengine hayakai. Agatha wa mgahawa alichukua madebe manane ya sakafu ya jikoni kwake. Madebe matano yaliyobaki Chausiku akayatoa sadaka msikitini, pale pa kutawadhia, maana watu walikuwa wanatawadha wakisimama kwenye tope. Kwa wiki moja rundo likaisha.

Barua ya Mwalimu ilitoka siku ya tatu, imechapwa, kurasa nne kamili.

"YAH: MAOMBI YA KUPATIWA KREDITI NOTI KUFUATIA MAAFA YA TAILIZI," ilianza. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na ni matumaini yangu kuwa nanyi hamjambo na mnaendelea vema na ujenzi wa Taifa." Ukurasa wa pili ulieleza historia ya duka. Wa tatu ulieleza uzito wa machozi ya mwanamke mfanyabiashara. Mwishoni paliandikwa: Nakala kwa Meneja Mkuu, kwa Wote Wanaohusika, na kwa Jalada. Duka la Chausiku halina jalada. Lina droo.

"Na zile picha na nakala?" Chausiku aliuliza.

"Barua nzito haihitaji viambatisho. Saini hapa."

Chausiku akasaini. Hakuisoma yote. Mtu gani anamsahihisha mwalimu wake? Hilo ndilo kosa lake, na nalisema wazi ili msije mkamlaumu kwa lingine. Mwanamke aliyetikisa maboksi mia mbili sikioni mwake, asimwamini dereva, asiamini invoisi, alisaini kurasa nne kwa sababu tu aliyeziandika alipata kumchapa fimbo akiwa na miaka tisa.

Barua ikapakiwa kwenye basi Jumatatu. Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa ya Mageni, akashuka basini kijana mmoja mwembamba, shati limechomekewa, begi kifuani.

"Shikamoo, Mama Amira. Naitwa Kamili. Natoka Sakafu Njema, kitengo cha madai."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeleta krediti noti?"

"Nimekuja kukagua kwanza." Akatoa barua ya Mwalimu, ameipigia mistari ya kalamu ya kijani. "Mama, hapa unadai krediti noti ya maboksi ishirini na mawili."

"Kumi na saba."

"Ishirini na mawili. Ukurasa wa nne." Akamwonyesha. Kweli iliandikwa, kwa tarakimu na kwa maneno. "Na benki umelipa mia na themanini na matatu. Nimekaa na hesabu hii basi zima. Mia na themanini na matatu, ongeza ishirini na mawili, ni mia mbili na matano. Gari letu lilibeba mia mbili. Ofisini wanauliza haya matano mengine yamevunjikia kwenye gari la nani."

Kamili akaendelea kusoma, bila ubaya, kama anayesoma bei. "Tena barua inasema, 'tailizi hizo zimesagika na kuwa unga, hazifai kwa matumizi yoyote ya binadamu, na zimehifadhiwa ghalani chini ya ulinzi mkali zikisubiri ukaguzi wenu.' Naomba kuziona."

Ghalani palikuwa na mifuko ya simenti, na kwenye rafu, maboksi matano yamefungwa kwa gundi ya karatasi. Kamili akafungua moja. Tailizi nzima, kumi na mbili, zinameremeta.

Akayatazama yale maboksi, akamtazama mama, akafunga kitabu chake. "Mama, sitaki kusema neno baya. Lakini nikirudi na hii, hawatakunyima krediti noti tu. Watafunga akaunti yako. Madai ya uongo hayana onyo la kwanza."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mara nyingine anayepitishwa njia hiyo siye mwongo. Chausiku alikaa juu ya mfuko wa simenti. Mawazoni alimwona Amira anafungasha begi lake la chuo. Alimwona Mageni kasimama mlangoni na wakwe zake. Hasira ilimpanda, na yenyewe haikujua pa kwenda: kwa Mwalimu, kwa dereva, kwa Dorah na ofisi yake isiyosikia simu. Ilikwenda kwake mwenyewe, kwa kuionea aibu karatasi ya daftari.

Karatasi ile ilikuwa bado ipo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chausiku hatupi kitu chenye namba. Akaitoa kwenye droo pamoja na delivari yenye saini ya dereva, risiti ya benki, na simu yenye picha.

"Hii ndiyo niliyoandika mimi," alisema. "Ya kwanza. Nikaiona haina adabu, nikapeleka kwa mwandishi."

Kamili akaisoma akiwa wima. Ilimchukua muda mfupi sana. Akairudia, kisha akaiweka juu ya kaunta na kuilainisha kwa kiganja.

"Mama, kwa nini hukuituma hii?"

"Fupi."

Kijana akacheka kidogo, akajizuia. "Hesabu hii inakubaliana na ya kwetu. Matano yako rafuni, nimeyaona. Kinachobaki ni vipande vya kumi na saba. Picha inaonyesha rundo, na rundo halina hesabu. Lazima nivione vyenyewe niviandike. Viko wapi?"

Mficha uchi hazai. Chausiku akamweleza yote: madebe sita kwa Mwalimu, manane kwa Agatha, matano msikitini.

"Vimejengewa?"

"Vimejengewa na simenti, vimekauka, watu wanavikanyaga."

Kamili akashika kichwa. Katika fomu yake palikuwa na kisanduku kisemacho mali iliyoharibika ihesabiwe kwa idadi. Atahesabuje tailizi iliyokwisha kuwa kokoto, imechanganywa na wenzake sakafuni?

Chausiku akachukua chaki ya dukani. "Tailizi ina kona ngapi?"

"Nne."

"Ikivunjika vipande kumi?"

Kamili akafikiri. "Kona ni nne bado."

"Mafundi hawatupi kona, wanazipenda, zinakaa vizuri pembeni. Tailizi mia mbili na nne, kona mia nane na kumi na sita. Zangu ni zile zenye ua la kahawia, hakuna mwingine mji huu aliyezileta. Tukahesabu."

Kijana aliangalia saa, akaangalia barua ya kurasa nne, akaangalia ile ya daftari. "Nikipata mia nane naandika," alisema. "Kumi na sita tuseme zimesagika njiani. Chini ya hapo siwezi, mama, na mimi nina bosi."

Basi mji ukapata kitu cha kutazama. Kwa Agatha waliingia wakati wa chakula cha mchana. Kamili akapiga magoti kati ya meza, akitia alama ya chaki kila kona, na wateja wakiinua miguu kumpisha. Agatha alidhani ni watu wa afya. Akafunika sufuria zote na kuanza kueleza habari za maji yake ya kuchemsha kabla hajaulizwa. Mia tatu na thelathini na nane. Msikitini waliingia baada ya adhuhuri, Kamili kavua viatu na kukunja suruali. Mzee mmoja aliyekuwa anatawadha akauliza kijana anatafuta nini kilichopotea. "Deni," Chausiku akamjibu. Mzee akasema amina. Mia mbili na kumi na moja.

"Mia tano na arobaini na tisa," Kamili alisema wakitoka. Wakabaki na nyumba moja.

Mwalimu Raphael alikuwa barazani, kwenye kiti chake kikubwa cha mbao, zulia chini ya kiti, gazeti mkononi. Baraza lilikuwa limependeza, tusimnyime haki yake. Maua ya kahawia yaliyovunjika yamesambaa kutoka ngazini hadi mlangoni, na fundi ameyazungushia kona kama shanga.

"Shikamoo, mwalimu," walisema pamoja.

"Marahaba. Huyu ndiye wa Kahama? Bila shaka barua imemgusa."

"Imenigusa, mwalimu," Kamili alisema, naye keshapiga magoti na chaki. "Naomba kuhesabu."

Mwalimu akauliza kuhesabu nini, akaelezwa. Akakunja gazeti. Alieleza, kwa sauti ile ya mbele ya ubao, kwamba anayeomba kumi na saba hupewa kumi, ndiyo maana yeye aliandika ishirini na mawili, idadi ambayo, zaidi ya hayo, imo kwenye delivari. Hiyo inaitwa busara ya uandishi. Kamili hakuinua kichwa. Macho ya Chausiku yalifuata chaki.

"Mia mbili na kumi na nne," Kamili akasema hatimaye. Akajumlisha kwenye kiganja. "Mia saba na sitini na tatu. Pungufu thelathini na saba, mama."

Akasimama, akapangusa magoti. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, ile mbaya, ya mtu anayejiandaa kuaga. Chausiku aliona Ijumaa inamjia kama ng'ombe aliyekata kamba. Akatazama baraza lote tena, ngazi, ukuta, mlango. Akatazama zulia.

"Mwalimu," alisema, "inuka."

Mji mzima ule hakuna aliyepata kumwambia Mwalimu Raphael neno hilo bila kulitanguliza na naomba. Hata yeye mwenyewe Chausiku alishangaa kulisikia likitoka kinywani mwake. Mikono yake haikuwa nyuma.

"Chausiku, mimi nina mgongo."

"Najua, mwalimu. Nami nina mtoto chuoni. Inuka."

Ndani ya nyumba, mkewe, mama Anisia, akasema kutokea dirishani, "Raphael, muinukie mwenzio. Chini ya zulia fundi alijaza mno, alikuwa anafunika lile shimo la mchwa."

Mwalimu akainuka, taratibu, gazeti kifuani. Kamili akaburuta kiti, Chausiku akakunja zulia. Ilikuwa kweli. Kona zilikuwa zimejazana pale kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kamili akahesabu kwa sauti, na safari hii Chausiku akahesabu naye, na mama Anisia dirishani akahesabu nao. Thelathini na saba ilipotajwa Chausiku alikaa chini, palepale sakafuni, lakini Kamili akaendelea mpaka mwisho. Arobaini na moja.

"Mia nane na nne," alisema, akaandika kwenye fomu. Kwenye kisanduku cha mahali mali iliyoharibika ilipohifadhiwa alisita, kisha akaandika: Mgahawani, msikitini, na kwa mwalimu.

"Siku nyingine, mama, usiviguse vipande mpaka tuvione. Hata dereva aseme nini. Hilo kosa ni lako." Chausiku akaitikia kwa kichwa, ni lake. "Hii barua yako ya daftari naichukua, nairudisha na gari. Kesho asubuhi Dorah anatoa krediti noti ya kumi na saba kwa namba ya invoisi hii, akaunti inafunguka, jioni gari linapakia."

Mwalimu alikuwa bado kasimama, na hakuwa mtu wa kukaa na kushindwa. "Hata hivyo," alisema, "bila barua yangu, wewe ungefika hapa leo?"

"Hapana, mwalimu," Kamili alijibu kwa heshima zote. "Barua kama ya mama tunaimaliza siku inapofika, mtu hajanyanyuka kitini. Zinazotupandisha basi ni za kurasa nne."

Gari lilifika Ijumaa saa nne. Chausiku alipanda, akatikisa maboksi yote, akasaini. Saa tano na nusu Mageni alikuwa anashusha kwa bibi Mbuke, ambaye alizipokea tailizi kwa kukataa katakata kuzikanyaga mpaka aoshe miguu, wakati hata bado hazijawekwa. Droo ya Chausiku ilifunguliwa na kufungwa siku nzima, na risiti ya ada ikawa karatasi kama karatasi nyingine.

Pamoja na mzigo dereva alileta bahasha. Ndani yake krediti noti, shilingi 601,800, na ile karatasi ya daftari, imegongwa muhuri wa Sakafu Njema: IMEPOKELEWA.

Jumatatu Mwalimu Raphael alikuja dukani kufuata elfu tano yake iliyobaki. Chausiku akaihesabu juu ya kaunta. Deni ni deni. Kisha akaweka kando yake ile karatasi ya daftari, na kalamu nyekundu.

"Nisahihishie, mwalimu."

Mwalimu akavaa miwani. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea, kama alivyokuwa akisoma madaftari arobaini kila jioni enzi zile. Alitafuta kosa. Wateja wawili walikuja wakanunua misumari wakaondoka, yeye bado anatafuta. Mwishowe akaandika chini kabisa, herufi ndogondogo: Vizuri.

Akafikiri kidogo, akaongeza: Mwandiko urekebishwe.